Kifua kikuu kinapona, hamu bado haijarudi

"Daktari, nina miaka 38. Niko mwezi wa nne wa dawa za kifua kikuu cha mapafu. Kabla ya kuugua nilikuwa na kilo 71, naanza dawa nilikuwa 54, sasa nina 60. Urefu wangu ni sentimita 172. Homa na jasho la usiku viliisha, na makohozi ya mwezi wa pili yalitoka safi. Ila hamu ya tendo la ndoa sina, na tukijaribu uume unalegea katikati. Asubuhi unasimama mara moja moja tu. Usiku nyayo zinawaka moto. Mke wangu hasemi kitu lakini naona anaumia. Je, hizi dawa zimeniua nguvu? Zitarudi lini? Na nitumie vidonge vya kuongeza nguvu au nisubiri?"

Ndugu yangu, pole kwa ugonjwa, na nashukuru umeandika kwa uwazi. Kwa maelezo uliyotoa, dawa hazijakuua nguvu. Jiulize jambo moja: hamu ilianza kupungua lini? Wanaume wengi ninaowauliza swali hili kliniki wakikumbuka vizuri wanasema ilianza kushuka wakati ule ule nguo zilipoanza kuwapwaya, kabla hawajameza hata kidonge kimoja. Dawa zilikuta mwili umeshazima. Zipo mbili kati yake zinazogusa jambo lako kwa pembeni, isoniazidi na rifampisini, na nitazifikia, lakini kwanza uelewe nani aliyezima.

Bakteria wa kifua kikuu wakikaa mwilini kwa miezi, kinga inapigana nao kwa kumwaga kemikali kwenye damu. Mojawapo, inayoitwa TNF, wanasayansi wa miaka ya 1980 waliifahamu pia kwa jina la kakektini, kwa sababu iliwakondesha wanyama wa maabara. Kemikali hizi hazibaki kifuani. Zinafika mpaka kwenye ubongo, zinakata njaa, zinapandisha joto la mwili, na zinanyamazisha ile sehemu ya ubongo inayotuma amri kwa tezi ya pituitari, na pituitari kwa korodani. Amri ikipungua, korodani nazo zinapunguza kutengeneza testosteroni. Juu ya hapo, mafuta ya mwili yakiisha, homoni yake iitwayo leptini inashuka, na ubongo unasoma kwamba akiba imekwisha na huu si wakati wa kuzaa. Ongeza upungufu wa damu ambao karibu kila ugonjwa mrefu huuleta, ukapata mtu asiyetamani, anayechoka mapema, na ambaye usingizi wake umekatwakatwa na jasho. Kwa watu wengi korodani zenyewe huwa nzima kabisa. Zimekosa amri tu.

Malaria hupita njia hiyo hiyo, tofauti ni muda. Mtu mzima akitibiwa malaria mapema kwa dawa mseto, homa hukatika ndani ya siku mbili tatu na hamu kwa kawaida hurudi ndani ya wiki chache. Anayepata malaria mara kwa mara akabaki na upungufu wa damu hukawia zaidi. Wewe ulikaa na mdudu wako kwa miezi kabla ya kugundulika, mwili ukala misuli yake wenyewe, kwa hiyo kurudi kwako lazima kuwe kwa miezi pia.

Sasa tuangalie kilo zako. Ukigawanya uzito kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, ulipoanza dawa ulikuwa na 18.3, chini kidogo ya 18.5 ambayo ndiyo mpaka wa ukondefu. Leo una 20.3, yaani kwa karatasi uko sawa. Kabla ya kuugua ulikuwa 24. Hapa ndipo wengi wanapodanganyika na mzani. Katika miezi ya mwanzo ya tiba, sehemu kubwa ya uzito unaorudi huwa ni mafuta, kwa sababu mwili bado hauwezi kujenga misuli kwa kasi ya kawaida hata ukila vizuri. Kwa hiyo mtu anaambiwa na majirani kwamba amenawiri, mashavu yamejaa, na yeye mwenyewe anashangaa mbona anapanda ngazi na magoti yanatetemeka. Uso hutangulia, misuli hufuata baadaye.

Jipime nyumbani badala ya kutegemea mzani. Kaa kwenye kiti cha kawaida kisicho na magurudumu, kunja mikono kifuani, simama na ukae mara tano mfululizo bila kushika popote, mtu akikuangalizia saa. Ukizidi sekunde 15, misuli ya mapaja bado ni dhaifu, hata kama mzani unakusifu. Rudia kila baada ya wiki mbili uone muda unavyopungua. Ukitaka kuurudisha mwili wa zamani unahitaji protini ya kutosha, takribani gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito, ambayo kwako ni gramu 72 hadi 90 kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, kwa hiyo unaona kwamba yai la asubuhi peke yake halifiki mbali. Igawe protini kwenye kila mlo. Na misuli haijengwi na chakula pekee, inataka kazi. Kusimama na kukaa kwenye kiti, kusukuma ukuta, kubeba vitu vya uzito mdogo, siku tatu kwa wiki, ukipumzika siku moja katikati. Ukipata homa au ukakohoa damu, acha mazoezi na uende kituoni.

Katika barua yako, sentensi iliyonipa matumaini zaidi ni ile ya asubuhi. Uume kusimama wenyewe usingizini au alfajiri hakutegemei mapenzi, mawazo wala mwenza. Kunategemea usingizi mzuri, testosteroni ya kutosha, mishipa ya damu inayopitisha na mishipa ya fahamu inayofanya kazi. Mgonjwa aliyekonda sana mara nyingi hukaa miezi bila kuona kitu. Wewe unaona mara moja moja, na hiyo inaonyesha njia nzima iko wazi na imeanza kuamka. Angalia pia ugumu wenyewe: ukisimama asubuhi ukawa mgumu wa kutosha kuingia, basi kinachoulegeza usiku mkiwa wawili si njia iliyoharibika.

Basi kwa nini unalegea katikati? Nadhani kuna mambo mawili, na yanashikana. La kwanza ni pumzi na misuli. Tendo la ndoa kwa watu wanaofahamiana vizuri linamgharimu mtu nguvu inayokaribia ile ya kupanda ngazi za ghorofa mbili kwa mwendo wa haraka. Jaribu hilo kwanza. Ukifika juu ukiwa huwezi kumaliza sentensi, mwili wako kitandani utachagua kupumua kwanza. Mapafu yaliyopona kifua kikuu wakati mwingine hubaki na makovu na pumzi kuwa fupi, na hili huweza kubaki hata baada ya dozi kuisha. La kufanya ni kubadili namna: laleni ubavu wote wawili, au wewe uegemee mito na mke awe juu, na mchague alfajiri baada ya usingizi, si usiku wa manane baada ya kazi na baada ya mlo mzito.

La pili ni hofu. Ukishalegea mara moja, mara ya pili unaingia ukiwa unajikagua: bado? bado? Hofu hiyo inamwaga adrenalini, na adrenalini inabana mishipa ileile inayotakiwa kufunguka ili damu ijae. Hata mwanaume mwenye testosteroni ya kutosha hili huweza kumpata. Wewe ambaye ya kwako ndiyo kwanza inapanda, hofu ndogo tu inatosha kuangusha kila kitu. Ndiyo maana kwa wagonjwa walio katika hatua yako napendekeza wapatane na wake zao kwamba kwa wiki tatu au nne hakuna kuingiliana kabisa. Kushikana, kukandana, kulala mwili kwa mwili, hata kufikishana kwa mkono, ruksa. Uume ukisimama, uacheni usimame na ulegee wenyewe, bila kukimbilia kuutumia. Kinachotafutwa ni wewe kuona mara kadhaa kwamba ulilegea, ukarudi kusimama, na hakuna aliyehuzunika.

Hayo hayawezekani bila kumwambia mke. Kimya chake, kwa nilivyozoea kusikia kutoka kwa wake wenyewe wakija kliniki, mara nyingi kinabeba moja kati ya mawili: anadhani humtaki tena, au anaogopa ugonjwa na anaona aibu kusema. Mwambie kwa maneno ya kawaida kwamba ugonjwa ulishusha homoni zako, kwamba haimhusu yeye, na kwamba zimeanza kurudi. Kuhusu kuambukizwa, kifua kikuu cha mapafu husambaa kwa hewa anayoitoa mgonjwa anapokohoa au kuongea, si kwa tendo lenyewe. Mtu aliye mwezi wa nne, anayemeza dawa kila siku, mwenye makohozi yaliyotoka safi, si hatari kwa anayelala naye. Aliyekuwa kwenye hatari ni yeye katika miezi ile kabla hujagundulika, kwa hiyo kama hajapimwa, na watoto pia kama wapo, wapelekwe. Mwambie pia kwamba shahawa zinaweza kuwa na rangi ya chungwa, kama mkojo wako ulivyo. Hiyo ni rangi ya rifampisini, haina madhara, na itaisha dawa zikiisha. Nimewahi kuona ndoa ikitikisika kwa sababu ya doa la rangi hiyo kwenye shuka ambalo hakuna aliyelielezea.

Nyayo zinazowaka ndizo zinazonifanya nitake urudi kituoni kabla ya tarehe yako. Isoniazidi huupunguzia mwili vitamini B6, na mtu aliyeanza dawa akiwa amekonda ndiye anayeathirika upesi, sawa na anayekunywa pombe, mwenye VVU au mwenye kisukari. Mishipa ya fahamu mirefu huumia kwanza, ndiyo maana huanza kwenye nyayo, kwa ganzi, kuchomachoma au moto, na usiku huzidi. Kinga yake ni piridoksini, ambayo ndiyo vitamini B6 yenyewe, miligramu 10 hadi 25 kwa siku. Dalili zikishatokea daktari huongeza, mara nyingi mpaka 50 au 100. Angalia kama kwenye vidonge vyako kimo kidonge hicho. Usiiache isoniazidi kwa uamuzi wako, kwa sababu kuacha dawa moja ndiyo njia fupi ya kuzalisha kifua kikuu sugu, na usijinunulie B6 ukaimeza kwa wingi, maana ikizidi sana nayo huumiza mishipa hiyohiyo.

Moto wa nyayo peke yake haumaanishi mishipa ya uume imeguswa, na kusimama kwako asubuhi kunapinga hilo. Lakini kuna maradhi moja yanayounganisha yote matatu, yaani kifua kikuu, nyayo kuwaka na uume kulegea: kisukari. Kisukari humfanya mtu apate kifua kikuu kirahisi zaidi, huunguza mishipa ya miguu, na ni miongoni mwa sababu kubwa za uume kushindwa kusimama. Hata kama ulipimwa ulipoanza dawa, pima tena. Mwanzoni ugonjwa wenyewe unaweza kupandisha sukari kwa muda, lakini kipimo cha mwezi wa nne au wa tano kinasema ukweli zaidi. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika milimoli 7 kwa lita au zaidi, na ikarudia hivyo siku nyingine, basi ni kisukari, na kukidhibiti kutakusaidia kuliko kidonge chochote cha nguvu.

Nimefika kwenye vidonge. Sildenafili si sumu, na mimi mwenyewe huiandika, lakini kwa mtu aliye kwenye rifampisini kuna mtego. Rifampisini inalichochea ini kuvunja dawa nyingine kwa kasi kubwa, sildenafili ikiwemo. Mtu anameza kidonge, hakifanyi kazi, anahitimisha kwamba ameharibika kabisa, au anameza viwili, kisha vitatu. Halafu dozi ya kifua kikuu inaisha, ndani ya wiki mbili hivi ini linarudi kwenye kasi yake ya kawaida, na vile vidonge vitatu alivyozoea sasa vinakaa kwenye damu kwa nguvu yote na kumwangusha shinikizo. Kwa mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, sildenafili haifai hata kidogo. Kwa hiyo kwako nasema subiri, kwa sababu tatizo lako linapungua lenyewe.

Dawa za unga na chupa zisizo na maandishi zinazouzwa kwa jina la nguvu za kiume nakukataza moja kwa moja. Dawa zako tatu kati ya zile nne ulizoanza nazo, yaani isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, zinalemea ini, na mbili bado unazimeza. Hujui unaongezea nini juu yake, na mara nyingi vikipimwa maabara ndani yake hukutwa sildenafili ileile bila kipimo. Sindano za testosteroni pia usikubali sasa. Testosteroni ya nje inauambia ubongo kwamba ipo ya kutosha, ubongo unaacha kutuma amri ambazo ndiyo kwanza umeanza kuzituma, na mbegu zinaweza kuisha kabisa kwa miezi.

Ratiba ninayoiona kwa wanaofanana na wewe huwa hivi. Njaa na usingizi hurudi katika wiki za mwanzo. Kusimama asubuhi huanza kuonekana kati ya mwezi wa tatu na wa tano, kwanza mara moja kwa wiki, baadaye siku nyingi. Mawazo ya mapenzi, ile kumtazama mke na kitu kikaamka, hufuata. Ugumu wa kudumu mpaka mwisho ndio huja nyuma kabisa, pamoja na misuli, na kwa wengi hukamilika ndani ya miezi michache baada ya dozi kuisha. Kama unataka mtoto, jua kwamba mbegu huchukua karibu miezi mitatu kutengenezwa na kukomaa, kwa hiyo kipimo cha shahawa kinachofanywa sasa kinasimulia habari za siku za homa au ukondefu. Subiri.

Testosteroni nayo isipimwe sasa. Ikitoka chini, na huenda ikatoka chini, utaambiwa una ugonjwa mpya ilhali ni mabaki ya ule wa zamani. Miezi mitatu baada ya kumaliza dawa, kama uzito umetulia na hamu bado haipo, ipimwe asubuhi kabla ya saa nne, hujala, na irudiwe siku nyingine, pamoja na homoni ya LH, ambayo ndiyo pituitari huitumia kuzipa korodani amri. Testosteroni ikiwa chini na LH nayo chini au ya kawaida, ubongo bado haujatuma amri ya kutosha. Ikiwa chini na LH ikawa juu, amri inafika ila korodani zenyewe zimeumia, na hapo uchunguzi unakuwa mwingine.

Yapo mambo ambayo hayasubiri ratiba hiyo. Jishike korodani ukioga. Uvimbe mgumu nyuma ya korodani, kamba ya mbegu iliyojaa vifundo, au damu kwenye shahawa huweza kuwa kifua kikuu kilichoshuka kwenye njia ya uzazi. Dawa hukiponya, lakini makovu yake yanaweza kuziba njia ya mbegu. La hatari zaidi ni tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, ambazo kifua kikuu kinaweza kuzila. Mtu wa namna hiyo hazidi kupata nguvu bali anazidi kuchoka, anaona kizunguzungu akisimama, anatamani chumvi, anatapika, na ngozi inakuwa nyeusi zaidi kwenye fizi na mikunjo ya viganja. Rifampisini huzidisha hali hiyo, kwa sababu inavunja haraka hata kile kidogo cha kotisoli kilichobaki. Ukiona dalili hizo nenda hospitali siku hiyohiyo.

Na kwa kuwa barua hizi husomwa na wengi, niwaambie akina mama walio kwenye dawa hizi: hedhi iliyokatika kwa ukondefu hurudi uzito ukirudi, na yai linaweza kutoka kabla hujaona hedhi ya kwanza. Rifampisini inadhoofisha vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango, na athari hiyo hudumu karibu mwezi mmoja baada ya kuiacha. Kitanzi cha shaba hakiguswi na dawa hizi. Mke wako, kwa kuwa yeye hamezi rifampisini, njia yake haiathiriki na dawa zako.

Kwa hiyo nenda wiki hii, usingoje tarehe ya mwezi wa tano. Waambie kuhusu nyayo, uulize piridoksini, uombe sukari ya asubuhi, wingi wa damu, na kipimo cha VVU kama hakijarudiwa. Makohozi ya mwezi wa tano nayo yasirukwe. Yakitoka na wadudu, au kilo zikianza kushuka tena, maswali yote ya hamu yanawekwa kando mpaka ijulikane kwa nini tiba haishiki. Majibu ya sukari yakitoka, niandikie namba yenyewe na saa uliyokula mara ya mwisho, na sekunde zako za kiti.